Kuandika sehemu ya teknolojia kwenye mchanganuo wa biashara ya aplikesheni: nini utengeneze, nini ununue, na gharama zake

Kila anayeandaa mchanganuo wa biashara ya aplikesheni ya simu huja na maswali mawili yale yale. La kwanza: "Kutengeneza aplikesheni ni shilingi ngapi?" La pili: "Nitengeneze kila kitu mwenyewe au ninunue vilivyopo?" Wengi huyatenganisha, kumbe la kwanza halijibiki mpaka la pili limejibiwa. Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja, kwa kutumia mfano mmoja tutakaokwenda nao hatua kwa hatua.

Mfano wetu ni huduma ya kupeleka mitungi ya gesi majumbani Dar es Salaam. Mteja anaagiza kwa simu, wakala wa karibu anatoa mtungi, dereva wa bodaboda anaupeleka na kurudi na mtungi mtupu. Viwango vya mishahara, makato na idadi ya oda nilivyotumia ni makadirio ya kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka vyako. Panapohusika bei zilizotangazwa na kampuni husika, nitasema.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maelezo ya oda moja tangu mteja anapofungua simu mpaka hela inapofika kwako, yakiwa yameandikwa kwa mkono hata kwenye karatasi moja.
- Makadirio ya oda kwa mwezi utakapokuwa umekomaa kidogo. Mfano wetu una oda 3,000 kwa mwezi.
- Kiasi kinachobaki kwako kwa kila oda baada ya kumlipa wakala na dereva. Mfano wetu ni shilingi 2,000.
- Bei za maandishi kutoka kwa watengenezaji angalau wawili na kutoka kwa kampuni moja ya kukusanya malipo ya simu.
- Kiwango cha kubadilishia dola utakachokitumia kwenye andiko zima. Mimi nimeweka shilingi 2,600. Kiandike wazi, maana mwekezaji atakitafuta.
- Nyaraka za kampuni: cheti cha BRELA, TIN na leseni ya biashara. Kampuni za malipo hazianzi hata kuzungumza nawe bila hizo.

Kama huna namba ya tatu, yaani kinachobaki kwako kwa kila oda, usiendelee. Utaona kwenye hatua ya 4 kwa nini.

## Hatua ya 1: Fuata oda moja mpaka mwisho

Usianze kwa orodha ya "vipengele". Anza na mteja mmoja. Mama yuko Sinza, gesi imemwishia saa kumi na moja jioni, ana mtungi mtupu wa kilo 15 wa chapa fulani. Anafungua aplikesheni, anaingia kwa namba ya simu, anachagua chapa na ukubwa, anaonyesha alipo. Nyumba yake haina anwani anayoikumbuka, kwa hiyo anabandika alama kwenye ramani na kuandika "geti la bluu nyuma ya msikiti". Mfumo unatafuta wakala mwenye mtungi wa chapa hiyo. Dereva anaitwa, anachukua mtungi, anaupima kwenye mizani, anahakikisha lakiri haijakatwa, anaupeleka. Mteja analipa. Dereva anarudi na mtungi mtupu kwa wakala yule yule, na wakala anathibitisha kwamba umerudi.

Hapo mwisho ndipo biashara ya gesi inapotofautiana na biashara ya chipsi. Mtungi mtupu una thamani, una chapa yake, na una mwenyewe. Oda haijaisha mteja anapolipa. Imeisha mtungi mtupu unapopokelewa. Anayeanza kwa kunakili orodha ya vipengele vya aplikesheni ya chakula hukosa kuliona hilo mpaka mawakala waanze kudai mitungi iliyopotea.

## Hatua ya 2: Katakata safari hiyo vipande

Kutokana na maelezo yale, mfano wetu unatoa vipande vinane:

1. Kuingia kwa namba ya simu na namba ya uthibitisho
2. Ramani na mahali alipo mteja
3. Malipo
4. Arifa kwa mteja, wakala na dereva
5. Kanzidata na seva
6. Stoo ya wakala kwa chapa na ukubwa, pamoja na hesabu ya mitungi mitupu
7. Kugawa oda kwa wakala na dereva
8. Dashibodi ya ofisini

Ukijikuta na vipande thelathini, umeshuka mno. "Kitufe cha kubadilisha picha" ni sehemu ya skrini tu.

## Hatua ya 3: Uliza kila kipande maswali matatu

Kwanza: je, mteja au wakala atakuchagua wewe badala ya mwingine kwa sababu ya kipande hiki? Pili: je, kipo kilicho tayari kinachofanya kazi hapa kwetu, kwa mitandao yetu na shilingi yetu? Tatu: anayekuuzia akipandisha bei au akifunga, itakuchukua wiki ngapi kuhamia kwingine?

Jibu la kwanza likiwa ndiyo na la pili likiwa hapana, tengeneza mwenyewe. Jibu la kwanza likiwa hapana na la pili likiwa ndiyo, nunua. Swali la tatu halikuzuii kununua. Linakuambia uandike nini kuhusu hatari.

Kwa mfano wetu, hakuna mteja atakayesema "nawapenda hawa kwa namna namba yao ya uthibitisho inavyokuja". Kipande cha 1 kinanunuliwa. Arifa zinanunuliwa, au tuseme zinachukuliwa, kwa sababu Firebase Cloud Messaging ya Google haitozwi. Ramani zinanunuliwa. Seva zinakodiwa. Vipande vya 6 na 7 ndivyo vya kutengeneza: hakuna mfumo wa jumla wa usafirishaji unaojua kwamba mtungi mtupu wa chapa moja hauchukuliwi badala ya mwingine. Dashibodi inakaa katikati. Tengeneza iliyo rahisi kabisa, kwa sababu anayeitumia ni mfanyakazi wako na unaweza kumfundisha.

Swali la tatu lina mfano unaofaa kukumbukwa. Facebook ilinunua Parse mwaka 2013, huduma ya seva na kanzidata iliyotumiwa na watengenezaji wengi wa aplikesheni za simu. Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na Januari 2017 ikafungwa. Waliotumia walipewa mwaka mmoja na msimbo wa mfumo wenyewe ili wauendeshe kwenye seva zao. Google nayo, Agosti 2025, ilifunga Firebase Dynamic Links, huduma ya viungo vya kufungulia aplikesheni iliyokuwa kwenye mkusanyiko wake wa huduma za Firebase. Kwa hiyo kwenye andiko usiandike tu "tutatumia Firebase". Ongeza sentensi moja inayosema data ya oda na wateja itanakiliwa kila siku mahali pengine, kwa muundo unaosomeka na kanzidata nyingine.

Kosa la kawaida: kusema "tutatengeneza kila kitu wenyewe ili tusitegemee mtu". Mwekezaji anayejua kazi anasoma hapo kwamba utatumia miezi ya mwanzo kutengeneza vitu ambavyo tayari vipo, wakati mawakala hawajapatikana.

## Hatua ya 4: Piga bei ya kununua kwa oda moja

Ukinunua huduma, huilipi mara moja ukamaliza. Inalipwa kila mwezi, kila meseji au kila muamala. Kwa hiyo gharama ya kununua ishushe mpaka kwenye oda moja, kisha iweke pembeni ya kile kinachobaki kwako.

Malipo. Hapa kaa kwa muda, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Kuunganisha M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa moja kwa moja maana yake ni mkataba, majaribio na mtu wa kuzungumza naye kwa kila mtandao. Ukitaka kushika hela za wateja kwenye mfumo wako, unaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na leseni ya Benki Kuu. Kwa biashara inayoanza, njia ni kutumia kampuni iliyokwisha kuunganisha mitandao yote, kama Selcom, AzamPay au ClickPesa. Unaunganisha mara moja tu.

Sasa bei. Tuseme makato ni asilimia 2 ya muamala. Inasikika ndogo. Lakini asilimia hiyo inakatwa kwenye thamani yote ya oda, si kwenye faida yako. Tuseme oda ya wastani ni shilingi 40,000:

```
makato kwa oda  = 40,000 x 2%          = 800
kinachobaki     = 2,000 - 800          = 1,200
makato kwa mwaka = 800 x 3,000 x 12    = 28,800,000
```

Asilimia 2 imekula asilimia 40 ya kinachobaki kwako. Na shilingi milioni 28.8 kwa mwaka ni zaidi ya gharama yote ya kutengeneza aplikesheni, kama utakavyoona hatua ya 5. Nasisitiza hili kwa sababu michanganuo mingi ina ukurasa mzima kuhusu bei ya watengenezaji na haina hata mstari kuhusu makato.

Dawa yake ni kubadili njia ya hela, si kutengeneza mfumo wa malipo. Mteja amlipe wakala bei ya gesi moja kwa moja kwa Lipa Namba ya wakala, na aplikesheni ikusanye nauli ya kupeleka tu. Nauli ikiwa shilingi 3,000, makato yanakuwa shilingi 60 kwa oda, yaani shilingi 2,160,000 kwa mwaka. Njia hii ina hasara yake: huwezi kuthibitisha wewe mwenyewe kwamba gesi imelipiwa, kwa hiyo wakala lazima abonyeze "nimepokea" kabla dereva hajaondoka. Hiyo ni skrini moja ya ziada kwenye kipande cha 6. Iandike.

Ramani. Kwa bei ambazo Google ilianza kuzitumia Machi 2025, kuonyesha ramani ndani ya aplikesheni ya simu hakutozwi, na kukokotoa njia kwa kiwango cha msingi ni bure kwa maombi 10,000 ya kwanza kila mwezi, kisha dola 5 kwa kila 1,000, na bei inashuka kidogo idadi ikiwa kubwa. Oda 3,000, kila moja ikiombewa njia mara moja, haitozwi kitu. Lakini mtengenezaji asiye makini ataiandika aplikesheni iombe njia upya kila sekunde 10 ili kumwonyesha mteja dereva anavyosogea. Safari ya dakika 20 inakuwa maombi 120. Zidisha kwa oda 3,000, unapata maombi 360,000 na bili inayozidi dola 1,000 kwa mwezi. Mteja hahitaji njia mpya kila sekunde 10, anahitaji kuona nukta ikisogea. Andika kwenye mahitaji: "njia iombwe mara moja kwa oda, mahali alipo dereva patumwe bila kuomba njia upya."

Meseji. Tuseme meseji moja ni shilingi 25. Ukituma tano kwa kila oda, ni shilingi 375,000 kwa mwezi. Tumia arifa za Firebase kwa hatua za oda, na uache meseji kwa namba ya uthibitisho na kwa dereva ambaye bando limekata.

Seva. Kwa ukubwa huu wa biashara, seva si gharama ya kukukosesha usingizi. Weka kiasi cha wastani na uende mbele.

## Hatua ya 5: Piga bei ya kutengeneza kwa siku za kazi

Usichukue jumla aliyokupa mtengenezaji ukaibandika. Mwambie aigawe kwa siku za kazi za mtu mmoja, kipande kwa kipande. Mfano wetu unatumia Flutter, ambayo msimbo mmoja unatoa aplikesheni ya Android na ya iPhone, ila tunaanza na Android peke yake kwa sababu ndizo simu ambazo mawakala, madereva na wateja wengi wanazo.

| Kazi | Siku |
|---|---|
| Michoro ya skrini | 15 |
| Aplikesheni ya mteja | 30 |
| Aplikesheni ya dereva | 20 |
| Stoo ya wakala na mitungi mitupu | 25 |
| Kugawa oda | 25 |
| Dashibodi ya ofisini | 15 |
| Kuunganisha malipo | 10 |
| Kuunganisha uthibitisho, arifa na ramani | 10 |
| Majaribio na marekebisho | 30 |
| Jumla | 180 |

Tuseme siku moja ya kazi ni shilingi 120,000. Siku 180 ni shilingi 21,600,000. Ongeza asilimia 25 ya tahadhari, shilingi 5,400,000. Jumla ni shilingi 27,000,000.

Angalia mistari miwili ya kuunganisha. Kununua kipande hakukifanyi kiwe bure upande wa kazi. Malipo yanachukua siku 10 kwa sababu ya yale yasiyokwenda sawa: mteja ameweka namba ya siri, hela imekatwa, lakini jibu la mtandao halijafika kwenye seva yako. Mfumo lazima uweze kuuliza tena hali ya muamala badala ya kumwambia mteja alipe mara ya pili. Mtengenezaji akikuambia malipo ni "siku mbili tu", muulize anashughulikiaje hali hiyo. Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kuifanya kazi hii.

Angalia pia majaribio: siku 30 kati ya 180. Bei ikija bila mstari huo, haimaanishi majaribio hayatakuwepo. Maana yake watakaoyafanya ni wateja wako.

Kwa watu wawili, siku 180 ni siku 90 za kalenda ya kazi, yaani kama miezi minne. Usiahidi uzinduzi mwezi wa nne. Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 mara moja, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipitishe aplikesheni kwenye majaribio ya watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo ndipo iombe kuiweka hadharani. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila inadai D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni, ambayo nayo inachukua muda kuipata. Iombe wiki ya kwanza, pamoja na mkataba wa malipo. Ukipanga miezi mitano hadi sita utakuwa umesema ukweli.

## Hatua ya 6: Tandaza miaka mitatu

Aplikesheni haimaliziki kugharimu siku ya uzinduzi. Google hudai kila mwaka aplikesheni mpya na matoleo mapya yaendane na Android ya karibuni. Usiposasisha, mwishowe huwezi kupandisha toleo jipya hata kama ni la kurekebisha hitilafu ya malipo. Tenga asilimia 20 ya gharama ya kutengeneza kwa kila mwaka unaofuata. Kwetu ni shilingi 5,400,000.

- Mwaka wa 1: kutengeneza 27,000,000, akaunti ya Google Play 65,000, seva na meseji 2,100,000. Jumla 29,165,000.
- Mwaka wa 2: matunzo 5,400,000, seva na meseji 2,700,000. Jumla 8,100,000.
- Mwaka wa 3: matunzo 5,400,000, seva na meseji 3,600,000. Jumla 9,000,000.

Miaka mitatu ni shilingi 46,265,000. Kutengeneza peke yake ni kama asilimia 58. Makato ya malipo usiyachanganye humu. Yape mstari wake kwenye gharama za kila oda, kwa sababu yanapanda oda zinapopanda. Ukiingiza aplikesheni ya iPhone baadaye, ongeza dola 99 kila mwaka za akaunti ya Apple na siku za kuijaribu. Asilimia 15 au 30 ambazo maduka hayo hukata, ambazo watu huzihofia sana, zinahusu bidhaa za kidijitali. Mtungi wa gesi haumo.

## Hatua ya 7: Andika sehemu yenyewe

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Anza na uamuzi, kisha sababu, kisha hela. Hivi ndivyo aya ya mwanzo ya mfano wetu inavyoweza kusomeka:

> "Tutatengeneza wenyewe mfumo wa stoo ya mawakala unaofuatilia mitungi iliyojaa na mitupu kwa chapa na ukubwa, na mfumo wa kugawa oda. Hivi ndivyo vinavyotupatia mawakala, na havipatikani tayari sokoni. Malipo, ramani, arifa na seva tutazinunua. Bei ya gesi italipwa moja kwa moja kwa wakala. Sisi tutakusanya nauli tu, na hivyo makato yatakuwa shilingi 60 kwa oda badala ya 800. Gharama ya kutengeneza ni shilingi milioni 27, ikiwemo tahadhari ya asilimia 25, na gharama ya miaka mitatu ni shilingi milioni 46.3."

Baada ya hapo weka jedwali la siku, miaka mitatu, na aya moja ya hatari. Kwenye aya ya hatari usisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Unakusanya namba za simu na mahali watu wanapoishi, kwa hiyo unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na seva zako zikiwa nje ya nchi, kuna masharti ya kusafirisha taarifa hizo.

Usijaze majina ya teknolojia. Taja lugha na mfumo mmoja mmoja na sababu yake ya kibiashara, mfano: "Flutter, ili tusilipe timu mbili tutakapoingia iPhone."

Onyo kuhusu mkataba. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, hakikisha mkataba unasema wazi kwamba msimbo wote ni mali ya kampuni yako, na kwamba akaunti za Google Play, Firebase, GitHub na jina la tovuti zimefunguliwa kwa barua pepe ya kampuni, huku mtengenezaji akialikwa kama mtumiaji. Aplikesheni iliyowekwa kwenye akaunti ya mtengenezaji ni ngumu kuipata mkigombana, na wateja waliokwisha kuipakua wanabaki huko. Lipa kwa kazi inayoonekana: "dereva anaweza kupokea oda na kurudisha mtungi mtupu" ni hatua ya kulipia. "Asilimia 60 ya kazi" siyo.

## Mambo yakienda kombo

Bei mbili zimetofautiana mara tatu au nne. Mara nyingi hawajapiga bei ya kitu kimoja. Wape wote jedwali la vipande na uwaombe siku. Utakuta mmoja ameacha majaribio, dashibodi au aplikesheni ya dereva. Kama siku zinalingana na tofauti ni bei ya siku, hapo sasa unalinganisha uzoefu wa watu, na unaweza kuomba kuona kazi zao zilizoko hewani.

Kuna mfumo mzima wa kupeleka mizigo unauzwa mtandaoni kwa dola mia chache. Usiukatae bila kuuangalia, wala usiununue kwa bei yake. Uliza: leseni inakuruhusu kubadilisha msimbo? Umesasishwa lini mara ya mwisho, na unaendana na Android ya sasa? Kisha mpe mtengenezaji wako siku mbili za kulipwa aangalie ni siku ngapi zitahitajika kuingiza mitungi mitupu na Lipa Namba. Akisema siku 20, umeokoa hela. Akisema 80, na hajui kilichomo ndani yake, bora uanze upya.

Mwekezaji anauliza kwa nini msitengeneze malipo yenu. Mwonyeshe idadi ya oda inayoweza kubadilisha uamuzi. Makato yakiwa shilingi 2,160,000 kwa mwaka, hakuna mtu utakayemwajiri kusimamia mikataba ya mitandao yote kwa kiasi hicho. Oda zikifika 30,000 kwa mwezi, makato yanakaribia shilingi milioni 21.6 kwa mwaka, na hapo inafaa kuuliza upya, kwanza kwa kudai punguzo.

Bili ya ramani imeruka ghafla. Fungua ukurasa wa matumizi kwenye Google Cloud, uone ni ombi gani limeongezeka na saa ngapi. Likifuatana na saa za oda, kuna skrini inayoomba njia kwa kujirudia. Likiwa linapanda usiku wa manane, pengine ufunguo wako, yaani namba ya siri ambayo aplikesheni huitumia kuomba ramani kwa Google, umechukuliwa na mtu mwingine. Ufunge, toa mpya, na uuwekee masharti ufanye kazi kwenye aplikesheni yako tu. Weka kikomo cha matumizi ya kila siku tangu mwanzo, si tahadhari ya bajeti peke yake. Tahadhari hutuma barua pepe, haizuii bili.

Mtengenezaji hapokei simu. Kama akaunti ni zako, ondoa ruhusa zake, nakili msimbo kutoka GitHub, na mpe mtu mwingine siku tano za kulipwa ajaribu kuujenga na kuuendesha kwenye simu kutoka mwanzo. Akiweza, kazi inaendelea. Asipoweza, kuna kitu kilibaki kwenye kompyuta ya yule wa kwanza, mara nyingi ufunguo wa kusainia aplikesheni. Ukiwa unatumia Play App Signing, ambapo Google ndiyo inayotunza ufunguo wa kusainia, ufunguo wa kupandishia unaweza kuombewa upya kwa Google kupitia akaunti yako.

Huna milioni 27, una kumi. Usiombe punguzo la siku. Ondoa vipande. Acha aplikesheni ya mteja na ya dereva kwa sasa: oda zipokelewe kwa WhatsApp na kupigiwa simu, na mtu mmoja ofisini awapigie madereva. Tengeneza stoo ya wakala na mitungi mitupu kwa siku 25, dashibodi kwa siku 15, na majaribio siku 10. Siku 50 kwa shilingi 120,000 ni milioni 6, na tahadhari ya asilimia 25 inafanya milioni 7.5. Kinachobaki kinalipa seva na mtu wa ofisini kwa miezi ya mwanzo. Kwenye andiko iite awamu ya kwanza, taja idadi ya oda kwa siku ambayo mtu mmoja hawezi tena kuigawa kwa simu, na useme hiyo ndiyo itakayofungua awamu ya pili.